Kidole cha mama si ndiyo ya mama: mashahidi wawili wa krediti wako wapi?

LIKASI. Katika masoko ya mji wetu, kuanzia Kikula hadi Panda, watu wanachukua krediti ili kununua unga, samaki ya kukausha, nguo za balo au pikipiki. Nyuma ya mkopaji mara nyingi kuna mtu wa pili. Huyo hachukui hata franka moja. Anasema tu: "Huyu akishindwa kulipa, mnakuja kwangu." Wenye biro za krediti wanamwita kosioni, na wazee wetu wanasema ni mtu aliyesimamia deni la mwenzake. Mara nyingi ni mama, shangazi au nyanya, kwa sababu yeye ndiye mwenye kiwanja au meza sokoni. Na kati ya mama hao kuna wengi ambao hawakupata nafasi ya kukaa darasani.

Hapo ndipo inaletwa tampo ya wino. Mama anaonyeshwa mahali chini ya karatasi, anatia kidole, anapanguswa kwa kitambaa, na wote wanatoka wakiamini kazi imekwisha. Mimi nasema haijakwisha. Karatasi iliyofungwa hivyo ni mbaya kwa mama, na ni mbaya pia kwa mwenye kukopesha. Si maoni yangu peke yangu: sheria inayotumika katika inchi yetu inadai kitu kingine, na kitu hicho katika karatasi nyingi ama hakipo, ama kimejazwa ovyo.

Tuanze na sheria yenyewe. Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa inchi zinazotumia sheria moja ya biashara. Moja ya sheria hizo ni ile ya dhamana, iliyopitishwa kule Lome, Togo, tarehe 15 Desemba 2010. Kifungu chake cha 14 kinaeleza namna ya kuhakikisha kwamba mtu kweli amesimamia deni. Kwa mtu anayejua kuandika, kunatakiwa sahihi za pande mbili, na tena maneno ambayo msimamizi mwenyewe anayaandika kwa mkono wake: kiasi cha juu kabisa anachokubali kubeba, mara moja kwa herufi na mara moja kwa tarakimu. Kama herufi na tarakimu hazipatani, herufi ndizo zinazohesabiwa.

Kwa nini wanadai mkono wake mwenyewe? Ni kwa sababu mtu anayeandika polepole "dola mia saba na makumi tano" anapata muda wa kuona uzito wa jambo. Sahihi inaweza kutoka kwa mazoea, lakini kiasi kinachoandikwa herufi kwa herufi kinamlazimisha mtu kufikiri.

Sasa, kwa yule asiyejua kuandika au asiyeweza kuandika, kifungu kile kile kinaweka njia nyingine. Lazima asaidiwe na mashahidi wawili. Ndani ya karatasi ile ile, mashahidi hao wanahakikisha mambo mawili: kwamba mtu huyu ni yeye kweli, na kwamba alikuwepo. Halafu wanashuhudia jambo la tatu: kwamba alielezwa karatasi hii ni ya namna gani, na itamletea nini. Mashahidi hao wakiwepo, msimamizi hadaiwi tena kuandika kiasi kwa mkono wake.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Kifungu hicho hakitaji kidole hata mara moja. Kinataja watu wawili wenye macho, masikio na ulimi. Sisi huku tumekigeuza: tumeshika wino kama jambo kubwa, na mashahidi tumewafanya kuwa mistari miwili ya kujaza mwishoni, wakati mama ameshafika kwenye kituo cha basi.

Sisemi kidole hakina maana. Kina maana, lakini kwa swali moja tu. Mistari iliyo kwenye ncha ya kidole inatengenezwa mtoto akiwa bado tumboni, na inabaki ile ile mpaka kufa. Mistari ya mtu mmoja haipatikani kwa mwingine. Kwa hiyo kidole kinajibu swali la "nani". Swali la "alisikia nini" hakilijibu. Mama anaweza kutia kidole safi kabisa chini ya karatasi aliyoambiwa ni ya kuandikishwa kwa msaada, na kidole hicho kitakuwa cha kwake kweli mbele ya hakimu yeyote.

Historia ya jambo hili inafundisha. Mwaka 1858, kule Bengali nchini India, Mwingereza mmoja mwenye kazi ya serikali, Wiliamu Hersheli, alifanya mapatano na mtu mmoja aliyepaswa kuleta vifaa vya kutengeneza barabara. Alimpaka wino kwenye kiganja chote na kukigandamiza nyuma ya karatasi. Baadaye Hersheli aliandika wazi nia yake: alitaka kumtia yule mtu hofu, ili siku nyingine asithubutu kukana alichotia mkono. Tangu mwanzo, basi, wino wa kidole ulikuwa chombo cha kumfunga mtu. Mwenye kulinda masikio yake ni shahidi, na ndiyo sababu sheria yetu ya dhamana inamweka shahidi mbele.

Tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Ni mfano wa kufikiri tu, lakini sura yake mtu yeyote wa Kikula ataitambua. Kijana anataka krediti ya dola 600 ili kununua pikipiki. Faida na gharama zikiongezwa, deni lote linaweza kufika dola 750. Biro ya krediti inataka kosioni. Kijana anamfuata dada mkubwa wa baba yake, mama anayeuza samaki ya kukausha, mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Mama hajui kusoma wala kuandika. Ila tangu zamani mtoto wake mmoja alimfundisha kuchora jina lake, ili asipate aibu kwenye foleni ya kandidati wa shule au ya hospitali.

Mtego wa kwanza uko hapo hapo. Ajenti wa krediti anaona mama amechora jina, anasema: "Vema, mama anajua kuandika." Anamwekea karatasi ndogo yenye maneno ya Kifaransa na kumwambia ayafuatishe chini ya mkataba. Mama anayafuatisha kama mtu anayefuatisha maua ya kitambaa. Karatasi sasa inaonekana kamili: kuna kiasi kilichoandikwa kwa mkono, kuna sahihi, na juu yake kuna maneno yale ya desturi yanayosema "nimesoma na nimekubali". Mbele ya hakimu, mama huyu ataonekana kuwa mtu aliyesoma. Ulinzi wa mashahidi wawili umemponyoka kwa sababu ya jina moja alilojifunza kuchora.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya, kabla ya wino na kabla ya kalamu, ni kusema wazi. Kuchora jina si kujua kuandika. Mama aseme, au mtoto wake aseme mbele yake: "Mimi sijui kusoma, na kiasi hiki siwezi kukiandika. Nataka mashahidi." Sheria inasema "asiyejua au asiyeweza", basi hata mzee aliyesoma zamani lakini leo haoni tena, au ambaye mkono wake umepooza, anaingia humo humo. Najua aibu ipo. Lakini aibu ya dakika moja mezani ni ndogo kuliko kuona watu wa tribinali wanahesabu vyombo vya nyumba yako.

Jambo la pili ni kuchagua mashahidi. Kifungu cha 14 hakisemi ni nani anakatazwa, na hapo biro zinapata mlango. Ajenti anaita mlinzi wa mlangoni na mwenzake wa meza ya pili, wanasaini, na hesabu inatimia: mashahidi ni wawili. Lakini watu hao wanakula mshahara wa mwenye kukopesha. Siku ya kesi watamshuhudia nani? Vilevile mkopaji mwenyewe hafai, kwa kuwa krediti haitoki mpaka shangazi akubali. Kwa maoni yangu, angalau mmoja kati ya wawili achaguliwe na mama: jirani, mwalimu, mtu wa kanisa au wa msikiti wake, mtoto wake mwenyewe aliyesoma. Wote wawili wawe watu wazima, wajue kusoma Kifaransa cha mkataba na kukieleza kwa Kiswahili, wawe na karte, na wasiwe na chochote cha kupata mkopo ukitoka.

Jambo la tatu ndilo kubwa: kueleza. Mkataba una kurasa tatu au nne za Kifaransa. Shahidi hatoshi kusema "mama, ni karatasi za krediti, tia kidole". Asome kwa sauti, kipande kwa kipande, na kukigeuza kwa Kiswahili cha nyumbani. Baadaye mama arudishe kwa maneno yake. Maswali matatu yanatosha, na nimeona yanafanya kazi zaidi ya hotuba ndefu.

"Mama, nani anachukua pesa?"

"Mtoto wa ndugu yangu."

"Akikosa kulipa, wanaweza kukudai wewe mpaka kiasi gani?"

"Mia sita."

"Hapana, mama. Hapa wameandika mia saba na makumi tano. Mia sita ni zile anazopewa mkononi. Zile zingine ni faida na gharama."

"Basi hiyo nilikuwa sijaambiwa."

Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yanayoleta faida. Jibu la mama likikosea, shahidi amepata kazi yake. Akiwa amenyamaza na kutikisa kichwa tu, hakuna mtu anayejua kama amesikia.

Swali la tatu ni: "Akikosa kulipa, wataanzia wapi?" Mama wengi wanafikiri biro itamfuata kijana kwanza, itauza pikipiki yake, na ikikosa kabisa ndipo itakuja kwao. Sivyo. Katika sheria hiyo ya OHADA, msimamizi anahesabiwa kuwa amefungwa pamoja na mkopaji, isipokuwa kama wamepatana vingine waziwazi. Kijana akikosa na akiisha kuonywa kwa utaratibu, mwenye kukopesha anaweza kumgeukia mama bila kungoja pikipiki iuzwe. Hiyo ndiyo maana ya maneno "itamletea nini". Shahidi ambaye hakueleza hilo, hakueleza kitu.

Jambo la nne ni kidole chenyewe. Biro nyingi zinataka kidole, na ni vizuri kukiweka, kwa sababu kinafunga mlango kwa yule atakayesema "hakuwa mama, alikuwa mtu mwingine". Lakini kidole kibaya hakifungi kitu. Mama anaosha mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri. Mafuta ya samaki na jasho vinafanya wino uteleze. Wino uwe kidogo. Kidole gumba kinagandamizwa kwanza kwenye karatasi ya ovyo ili wino wa ziada utoke, halafu ndipo kinawekwa kwenye mkataba. Unakilaza upande mmoja wa ukucha, unakizungusha taratibu mpaka upande wa pili, mara moja tu, bila kurudi nyuma, kisha unakiinua juu bila kukivuta.

Ukitaka kujua kama kimetoka vizuri, angalia kwa macho yako tu. Lazima uone mistari midogo na nafasi nyeupe katikati yake. Ukiona doa jeusi tupu, wino ulikuwa mwingi. Ukiona mkia, kidole kilivutwa. Usitie kingine juu ya kile kibaya. Weka kipya pembeni, na andika kwamba ni cha mtu yule yule. Kuna watu ambao mistari yao imelika kwa sababu ya kazi: wajenzi wanaoshika simenti, mama wanaofua kwa sabuni kali, wazee waliofanya kazi na asidi kule Shituru. Kwa hao jaribu kidole kingine. Kwa hali yoyote, pembeni ya alama andika ni kidole gani na cha mkono gani, jina lote la mwenye kidole, mahali na tarehe. Kidole kisicho na jina pembeni, baada ya miaka mitatu kinakuwa doa la wino tu, mpaka alipwe mtaalamu wa kulinganisha.

Kidole kiwekwe karibu na mstari wa mwisho wa maandishi, bila kufunika maneno. Kikiwa chini kabisa na nafasi kubwa nyeupe juu yake, mtu mwingine anaweza kuijaza nafasi hiyo. Kama karatasi ni nyingi, kila ukurasa upate alama. Na nafasi zote zilizobaki tupu zipigwe mstari kabla kidole hakijagusa karatasi.

Jambo la tano ni sehemu ya mashahidi. Hapo ndipo ninapoona karatasi nyingi zimeharibika. Biro imechapa neno moja la Kifaransa lenye maana ya "mashahidi", na chini yake vidoti viwili. Watu wanaandika jina na kuweka sahihi, basi. Lakini sahihi tupu ya shahidi inasema nini? Alishuhudia nini? Sheria inataka washuhudie mambo matatu, basi mambo matatu yaandikwe. Katika mfano wetu, shahidi wa kwanza anaweza kuandika hivi kwa mkono wake:

"Mimi, jina langu, nakaa kwenye avenyu fulani, komini ya Kikula, mwenye karte namba fulani, nahakikisha kwamba mama aliyetia kidole hapo juu ndiye yeye, ninamfahamu na nimeona karte yake. Alikuwepo leo, na alitia kidole mbele yangu. Nilimsomea karatasi yote na kuieleza kwa Kiswahili. Alielezwa kwamba anasimamia deni la mtoto wa ndugu yake, kwamba hataombwa kupita dola mia saba na makumi tano (750), na kwamba mtoto huyo asipolipa, yeye anaweza kudaiwa. Alirudia mwenyewe kwa maneno yake. Likasi, tarehe ya leo." Halafu anatia sahihi. Shahidi wa pili anaandika yake, kwa maneno yake, na anatia sahihi yake.

Mtu anaweza kuuliza kama Kiswahili kinafaa kwenye mkataba wa Kifaransa. Kifaransa ni lugha ya kazi ya serikali, na Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kama biro inapenda Kifaransa, mashahidi waandike kwa Kifaransa maana ile ile, lakini waseme wazi kwamba walieleza kwa Kiswahili. Kosa kubwa ni kuandika kwamba mama "amesoma". Hakusoma. Alisomewa. Yale maneno ya "nimesoma na nimekubali" yafutwe kwenye sehemu yake, kwa sababu yanaleta uongo ndani ya karatasi tangu siku ya kwanza.

Kuna makosa mengine mawili ambayo lazima niyataje. La kwanza ni mtoto anayetia sahihi kwa jina la mama yake, akisema "ninamsaidia". Huko si kusaidia. Ukiandika jina la mwingine kama vile ni yeye aliyeandika, unafungua mlango wa kesi ya kughushi maandishi, na kifungu cha 124 cha sheria yetu ya makosa kinatoa kifungo cha miezi sita mpaka miaka mitano kwa yule anayefanya hivyo kwa nia ya udanganyifu au ya kudhuru. Hata kama nia ni njema, karatasi inabaki na sahihi isiyo ya mwenye deni. Mtoto akitaka kusaidia, aweke jina lake mwenyewe, kwenye sehemu ya shahidi.

Kosa la pili ni shahidi wa kesho. Karatasi inapelekwa nyumbani kwake jioni, au siku ya pili, ili "asaini tu". Huyo hakuona kidole kikitiwa wala hakusikia maelezo. Akiitwa mbele ya hakimu na kuulizwa mama alikuwa amekaa wapi, nani alisoma, ilikuwa saa ngapi, atasema nini? Mashahidi wote wawili wakae meza moja na mama, saa moja, tarehe moja.

Na kashe ya shefu wa kartie? Wengi wanasema: "Tulipeleka kwa shefu, akapiga kashe, imekwisha." Kashe inaweza kuonyesha kwamba karatasi ilipita kwake siku fulani. Haisemi kwamba shefu alimweleza mama kitu, mpaka aandike hivyo na kuweka jina lake kama shahidi. Shefu anaweza kuwa shahidi mzuri sana, kwa kuwa anawafahamu watu wake. Lakini awe shahidi kwa kalamu na kwa masikio, si kwa kashe tu.

Nasikia tayari wenye biro wakijibu: "Ninyi wa redio mnataka tukae saa nzima na kila mama, wakati foleni inafika nje." Ninaelewa. Lakini wahesabu upya. Kama msimamizi hakuandika kiasi kwa mkono wake, na mashahidi wawili hawakusema yale matatu, mwenye kukopesha anakwenda tribinalini na uthibitisho usiotimiza kifungu cha 14. Avoka wa mama atashika jambo hilo kwanza kabisa. Kijana ataendelea kudaiwa, lakini dhamana ambayo biro iliitegemea inaweza kuanguka. Nusu saa mezani ni bei ndogo kwa dola 750.

Wengine watasema mama akielezwa sana atakataa, na kijana atakosa kazi. Ndiyo, wengine watakataa, na hiyo ni haki yao. Mwingine atasema: "Mimi nasimamia mpaka mia tatu tu." Hilo nalo linawezekana; kiasi cha juu kinaandikwa kwa mapatano, si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Krediti ambayo inatoka tu kama shangazi hakuelewa, ni afadhali isitoke.

Lazima niweke mipaka pia, ili mtu asichukue maneno yangu na kuyapeleka kila mahali. Kifungu cha 14 kinahusu kusimamia deni. Hakisemi juu ya kuuza kiwanja, kutoa madaraka kwa mtu mwingine, wala kugawa urithi. Kwa karatasi hizo, kwa asiyejua kuandika, njia yenye usalama ni kwenda kwa notere, ambaye anasoma karatasi mbele ya watu na kuandika ndani yake kwamba mtu fulani hakuweza kutia sahihi, na kwa sababu gani. Na wasia wa kuandikwa kwa mkono, ule ambao lazima uandikwe wote na mwenyewe, hauwezi kufanywa kwa kidole, hata mashahidi wakiwa kumi. Asiyejua kuandika anaenda kusema wasia wake mbele ya notere au ofisa wa hali ya raia.

Ninachoomba kwa biro za krediti za Likasi ni kidogo. Mwishoni mwa mkataba waongeze nusu ukurasa wa Kiswahili kwa ajili ya msimamizi asiyejua kuandika: mstari wa kiasi cha juu kwa herufi na kwa tarakimu, nafasi ya kidole yenye jina la kidole pembeni, na nafasi mbili kubwa za mashahidi kuandika yale mambo matatu. Wakubali pia mama aje na shahidi wake mwenyewe, na wamwambie hivyo siku anapopewa orodha ya vitu vya kuleta, pamoja na picha na kopi ya karte.

Na kwako wewe uliyesoma, unayeitwa na jirani: "Mwanangu, njoo unisaidie na karatasi." Usikubali kuweka sahihi kabla hujasoma ukurasa wa mwisho. Uliza yale maswali matatu, ngoja majibu, andika ulichokiona na ulichokisikia. Kama ajenti anakuambia hakuna wakati, mwambie mama mchukue karatasi, mrudi kesho asubuhi. Kidole chake bado kitakuwepo.